Kona juu ya kona: safari ya katoni 2,184 za sabuni kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi

Picha za kwanza zilinifikia kwenye simu asubuhi, siku ya kumi na mbili tangu lori liondoke. Mpokeaji alikuwa amefungua turubai mbele ya ghala lake Lubumbashi na kupiga picha kabla hajagusa kitu. Nilimshukuru kwa hilo, maana picha zile ndizo zilizotufundisha kila kitu. Paleti kadhaa zilikuwa zimelala kwa jirani zao, katoni za chini zimebonyea kama zimekaliwa, na unga wa sabuni umetapakaa sakafuni. Alipomaliza kuhesabu alikataa katoni 231 kati ya 2,184. Katika kila katoni kumi, zaidi ya moja ilikuwa imepotea njiani.

Mimi ndiye niliyesimamia upakiaji wa mzigo ule. Ilikuwa sabuni ya unga katika vifuko vya nusu kilo, vifuko ishirini kwa katoni, kwa hiyo kila katoni ilikuwa na kilo kumi na kidogo. Paleti zilikuwa 26, zimepangwa mbilimbili safu 13 ndani ya semi-trela. Kila paleti ilibeba katoni 84: tabaka sita, kila tabaka katoni 14. Uzito haukuwa shida, kwa sababu lori lilipita mizani zote, kuanzia Vigwaza hadi Mpemba, bila kuguswa. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, mvua za masika zikinyesha, na njia ilikuwa ile inayojulikana: Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Tunduma, kisha Zambia hadi Kasumbalesa na kuingia Kongo. Ni takribani kilomita 2,000, ukiongeza siku za foleni mipakani.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa dereva. Huwa ni hivyo. Ofisini watu walisema amekimbia kwenye matuta ya Mikumi, au amefunga breki vibaya. Niliomba nipewe muda wa kuziangalia picha vizuri kabla barua yoyote haijaandikwa, na ninafurahi nilifanya hivyo.

Breki kali huacha alama yake. Mzigo husukumwa mbele, tabaka la juu hutangulia la chini, na ukitazama kwa ubavu unaona ngazi zinazoelekea kwenye kichwa cha lori. Sisi hatukuona ngazi. Paleti nyingine zilikuwa zimeinamia mbele, nyingine zimeinamia nyuma, kila moja kuelekea upande uliolegea. Tena zilizoharibika hazikuwa zimekusanyika sehemu moja, zilikuwa zimetawanyika kwenye trela zima. Breki ya dereva haiwezi kuchagua paleti ya tatu, ikaiacha ya nne, kisha ikaichukua ya saba.

Nilimpigia dereva mwenyewe. Aliniambia jambo ambalo yeye aliliona dogo: alikaza mikanda Morogoro, akaikaza tena Iringa, kisha Makambako, kisha Tunduma, na kila mara ilikuwa imelegea. "Nilidhani mikanda imechoka, bosi," alisema. Mikanda haikuwa imechoka. Mkanda ukilegea mara moja baada ya kilomita mia za mwanzo, mzigo umejipanga tu, na hilo ni la kawaida. Ukilegea katika kila kituo, maana yake mzigo unapungua kimo. Kitu fulani chini kinabonyea polepole, na kila ukikaza unakisaidia kubonyea zaidi.

Nilirudi kwenye picha nikahesabu paleti zenyewe, yaani mbao, si katoni. Hapo ndipo nilipoona. Paleti zetu za kawaida zina urefu wa milimita 1,200 na upana wa milimita 1,000. Wiki ile zilikuwa zimepungua, na mtu wa ununuzi akaongezea paleti zilizotumika, zilizokuja na bidhaa kutoka Ulaya. Zilikuwa tisa. Ni paleti nzuri sana, na sitaki mtu azilaumu. Paleti ya Ulaya ya kawaida ina matofali tisa ya mbao katikati, inaingilika kwa meno ya foklifti kutoka pande zote nne, ina misumari 78, na inabeba tani moja na nusu bila wasiwasi. Lakini upana wake ni milimita 800. Paleti zote tisa zilikuwa kwenye orodha ya zilizoharibika. Nyingine zilizopoteza katoni zilikuwa jirani za hizo tisa, zilizoangukiwa.

Sasa fikiria kilichotokea ghalani. Katoni yetu ina urefu wa milimita 330 na upana wa 250. Katika paleti ya 1,200 kwa 1,000, tabaka lake hupangwa kwa mafungu mawili: katoni nane zimelazwa kuelekea upande mmoja, sita zimegeuzwa, na zote kwa pamoja zinafunika 1,160 kwa 1,000. Zinakaa kama zilivyopimiwa. Vijana walipopewa paleti nyembamba waliendelea na mpango uleule wa katoni 14, kwa sababu hesabu ya mzigo ilidai 84 kwa kila paleti. Matokeo yake, milimita 100 za katoni zikaning'inia nje ya mbao kila upande. Katoni za pembeni zilikuwa na kona mbili juu ya mbao na kona mbili hewani.

Kuelewa kwa nini hilo ni kosa kubwa, lazima ujue katoni hubeba mzigo kwa kutumia nini. Ukuta wa kadibodi katikati yake ni dhaifu, hupinda nje mapema. Nguvu iko kwenye kona, pale kuta mbili zinapokutana na kushikana. Sehemu kubwa ya uzito, karibu theluthi mbili, hushuka kupitia kona nne na sentimita chache zinazozizunguka. Ukiziacha kona mbili hewani hujapoteza sehemu ndogo ya pembeni, umepoteza nguzo mbili kati ya nne.

Hata hivyo paleti hizo nyembamba zilikuwa nusu tu ya kisa. Nusu nyingine ilikuwa katika paleti zote 26, na hiyo ndiyo iliyonigharimu usingizi, maana niliiruhusu kwa macho yangu kwa miaka.

Vijana wetu hupanga kama fundi anavyojenga ukuta. Tabaka la kwanza likikaa hivi, la pili linageuzwa, la tatu linarudi kama la kwanza. Kila katoni inakanyaga mbili au tatu za chini yake, na mzigo unashikana. Ukiusukuma kwa mkono hautikisiki, na macho yanaridhika. Lakini ukigeuza tabaka, kona za katoni ya juu haziangukii kona za katoni ya chini. Zinaangukia katikati ya ukuta au juu ya kifuniko, pale penye udhaifu. Watu wa vifungashio wamelipima jambo hili kwa miaka mingi, na majibu yao yanakubaliana: katoni zilizofungamanishwa hivyo hupoteza kati ya asilimia 40 na 60 ya uwezo wao wa kubeba. Zikipangwa kona juu ya kona, kama nguzo, karibu hazipotezi kitu.

Nilikaa na karatasi nikaipigia hesabu katoni ya chini kabisa. Kiwandani ilikuwa imepimwa kwenye mashine ya kugandamiza ikahimili kilo 300. Namba hiyo ni ya katoni mpya, kavu, tupu, inayogandamizwa kwa dakika moja. Barabarani mambo ni mengine. Katoni ikibebeshwa mzigo kwa siku kumi mfululizo huchoka, na hubaki na takriban asilimia 63 ya nguvu yake: kilo 300 zikawa 189. Kadibodi hunywa unyevu wa hewa, na unyevu ukifika asilimia 80, jambo la kawaida Dar es Salaam wakati wa masika, hubaki na asilimia 68 ya kile kilichokuwepo: kilo 189 zikawa 128. Mpangilio wa kufungamanisha ukachukua nusu: 64. Kuning'inia nje ya paleti kukachukua asilimia 40 nyingine: 38.

Juu ya katoni hiyo kulikuwa na katoni tano, yaani kilo 50, lori likiwa limesimama. Lori likiruka tuta, uzito ule kwa nukta moja unaweza kufika mara mbili. Katoni ambayo mwisho wa safari ingebaki na uwezo wa kilo 38 ilibebeshwa 50 kabla injini haijawashwa.

Mtu makini atauliza: mbona basi hazikubonyea palepale ghalani? Ni kwa sababu kadibodi ilikuwa bado haijachoka, na vifuko vya unga ndani ya katoni navyo vilikuwa vinabeba. Unga ukimiminwa kwenye kifuko kiwandani huwa umejaa hewa. Mtikisiko wa barabara huutoa ile hewa, unga unashuka, na juu ndani ya katoni panabaki nafasi. Tangu hapo kadibodi inabeba peke yake. Ndiyo maana mikanda ililegea kuanzia Morogoro, na ndiyo maana uharibifu hauonekani mzigo ukiwa bado uani.

Zile paleti pana, ambazo hazikuning'iniza kitu, zilikuwa na uwezo wa kilo 64 dhidi ya 50. Zilifika zimevimba ubavuni lakini zimesimama. Zilinusurika kwa akiba ndogo mno, na ningekuwa nimeiita kazi nzuri kama zile tisa zisingekuwemo.

Kulikuwa na jambo la tatu, dogo kidogo lakini linafaa kulijua. Katoni zinapotokeza nje ya mbao, paleti mbili zikisukumwa pamoja ndani ya trela zinakutana katoni kwa katoni, huku mbao zao chini zikiwa mbalimbali. Lori likifunga breki, msukumo unapita kwenye ubavu wa sabuni badala ya kupita kwenye mbao. Mzigo unatakiwa uguse jirani yake kwa mbao, kuanzia ukuta wa mbele wa trela hadi mlango wa nyuma.

Nilipopeleka hesabu yangu ghalani, aliyenipinga alikuwa kiongozi wa makuli, mzee aliyeanza kubeba mizigo bandarini kabla mimi sijazaliwa. Nilimwamkia, nikakaa naye juu ya paleti tupu, nikamwonyesha picha.

"Mwanangu," alisema, "mzigo usiofungana haufiki. Hizo nguzo zako zitasambaa kabla ya Chalinze."

Nilimuuliza zamani alikuwa anapakia nini hasa. Akataja sukari, mchele, mbolea, saruji. Yote magunia na mifuko. Hapo nikamwelewa, na nadhani naye akanielewa. Mfuko wa saruji hauna kona inayobeba. Uzito unapita kwenye saruji yenyewe, na mfuko wa juu unajibonyeza kidogo ndani ya bonde la mifuko miwili ya chini, ukashika. Kwa mifuko, kufungamanisha ndiyo njia sahihi, na mtu anayeipanga kama nguzo atailaza barabarani. Kwa makopo ya nyanya au miche ya sabuni pia haidhuru sana, kwa sababu kilicho ndani ni kigumu na kinabeba chenyewe. Ujuzi wa mzee ulikuwa wa kweli. Tulikuwa tumeuhamishia kwenye mzigo ambao katoni ndiyo mfupa wake.

Tulikubaliana tujaribu. Tulijenga paleti mbili pana, moja kwa mtindo wake na nyingine kwa nguzo, tukazipima kimo kwa futi ya fundi na kuziacha kando ya mlango wa ghala, penye unyevu, kwa siku kumi. Ya nguzo ilishuka sentimita moja. Yake ilishuka nne, na katoni za chini zikaanza kutoa matumbo. Alipitisha kiganja kwenye matumbo yale, hakusema kitu, akawaita vijana wake waje waone.

Lakini na yeye alikuwa na haki katika hofu yake, na lori la pili lilituonyesha. Tulipakia paleti zote pana, zote kwa nguzo, na nailoni ileile tuliyozoea kuzungusha. Katoni za chini zilifika nzima kabisa, ila paleti mbili za nyuma ya trela zilikuwa zimefunguka juu, nguzo zimeachana. Nguzo 14 zilizosimama kila moja peke yake hubeba vizuri sana kwenda chini, lakini hazina kinachozishika kwenda pembeni. Kufungamanisha kulikuwa kunafanya kazi hiyo, na tulikiondoa bila kuweka mbadala.

Mbadala ulikuwa wa sehemu mbili. Kwanza, tabaka la sita, lile la juu kabisa, tuliligeuza. Hapo kufungamanisha hakudhuru, kwa sababu katoni ya tabaka la tano inabeba katoni moja tu juu yake, kilo kumi. Hata ikipoteza nusu ya nguvu zake bado ina ziada kubwa. Tabaka hilo moja linafunga vichwa vya nguzo zote kama kenchi inavyofunga nguzo za nyumba. Katikati, baada ya tabaka la tatu, tuliweka karatasi nene ya kadibodi yenye uso mkavu usioteleza, ipite kwenye paleti nzima.

Pili, nailoni. Tulikuwa tunaizungusha kuanzia katoni ya kwanza kwenda juu. Hiyo inafunga katoni kwa katoni, lakini haizifungi kwenye paleti, na mzigo mzima unaweza kuteleza juu ya mbao ukiwa umefungwa vizuri. Sasa tunaanza chini: mizunguko mitatu inayoshika mbao za paleti pamoja na tabaka la kwanza, na mzunguko mmoja kati ya hiyo unasokotwa kama kamba na kupitishwa chini ya pembe za paleti. Tukipanda, kila mzunguko unafunika nusu ya uliotangulia. Juu ni mizunguko mitatu tena, inayovuka ukingo wa tabaka la sita na kulishika. Nailoni lazima ivutwe, isilazwe tu. Kipimo chetu ni kidole: ukiivuta kwa kidole katikati ya ubavu ikakuachia nafasi ya kupitisha kiganja, irudiwe. Kwenye pembe nne tunasimamisha vipande vya kadibodi ngumu vilivyokunjwa kama pembe ya ukuta, toka chini hadi juu, na mikanda ya trela inapita juu ya vipande hivyo ili isikate katoni.

Kabla ya lori la tatu tulipima paleti mbili, moja ya mtindo wa zamani na moja mpya, kwa kuziinamisha. Ulaya wanataka mzigo uweze kuhimili msukumo wa pembeni unaolingana na nusu ya uzito wake, na wa mbele, kwa ajili ya breki, unaolingana na asilimia 80 ya uzito, ingawa huo wa mbele hubebwa pamoja na ukuta wa trela na mikanda. Nusu ya uzito unaweza kuipata kwa kuinamisha paleti nyuzi 26 na nusu hivi. Kwa paleti yenye urefu wa 1,200, hiyo ni kuinua ukingo mmoja sentimita 54 kwa foklifti. Kila moja tuliizungushia kamba ya usalama, upande wa chini ukaachwa wazi, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kusimama hapo. Ile ya zamani yenye nailoni ya kuanzia katoni iliteleza kabla ya kufika. Mpya iliinama bila tabaka hata moja kuhama.

Hesabu ya katoni ya chini sasa inasomeka hivi: 300, siku kumi zinaifanya 189, unyevu unaifanya 128. Nguzo haipunguzi kitu, na hakuna kinachoning'inia. Tunatoa asilimia kumi kwa ajili ya nafasi kati ya mbao za paleti, ambamo kona ya katoni inaweza kuzama, na inabaki 115. Dhidi ya kilo 50 zilizotulia, na takriban 100 kwenye tuta baya. Haina akiba kubwa, nakiri, ndiyo maana nilikataa ombi la ofisi la kuongeza tabaka la saba.

Suala la nafasi kati ya mbao lilinipeleka kwenye paleti zetu wenyewe. Tunazinunua za msindano kutoka Mafinga, na nyingine zilikuja zikiwa bado mbichi. Mbao mbichi huleta madhara mawili. Unyevu wake hupanda kwenye katoni za tabaka la kwanza, zile zile zinazobeba kuliko zote. Kisha zikikauka safarini zinanywea na misumari inalegea. Muhuri wenye herufi HT hausaidii kwa hili, maana unathibitisha tu kwamba mbao zimepashwa joto hadi nyuzi 56 katikati yake kwa dakika 30 ili kuua wadudu. Hausemi mbao ni kavu, wala kwamba ni imara. Sasa tunazibeba mkononi kabla ya kuzipokea: paleti mbichi utaijua kwa uzito, na ukigonga ubao wake hutoa sauti nzito isiyolia.

Lori la tatu lilifika Lubumbashi baada ya siku kumi na tatu. Mpokeaji alikataa katoni sita, na nne kati ya hizo zilitobolewa na meno ya foklifti wakati wa kushusha, si barabarani. Dereva, yuleyule wa safari ya kwanza, alikaza mikanda Morogoro, akaikagua Iringa na kuikuta kama alivyoiacha.

Zile paleti tisa za Ulaya bado tunazo. Katoni zetu zikipangwa vizuri juu yake zinaenea kumi kwa tabaka, siyo 14, yaani 60 kwa paleti nzima, na trela la paleti hizo lingebeba sabuni pungufu. Tumeziweka kwa mizigo ya hapa mjini. Mzee amekata fimbo ya mti yenye urefu wa mita moja kamili, ameitundika kwenye msumari mlangoni mwa ghala, na kijana anayeleta paleti ya safari ndefu huanza kwa kuilaza fimbo ile juu ya upana wake.